Masaa manne ya laivu, watazamaji saba: anzia kwenye klipu

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi simu. Nina miezi miwili narusha laivu YouTube kwa programu ya OBS, kamera iko juu ya meza, nafungua simu mbovu na kuzitengeneza watu wakiona. Naingia hewani nikipata nafasi, nakaa hata masaa manne, watazamaji hawazidi saba. Juzi wameingia watu wa matusi, nikajibizana nao mpaka nikazima. Rekodi zimejaa kwenye diski, sijui nizikateje. Kati ya ratiba, chati na klipu, nianzie wapi?"

Salama, fundi. Anzia kwenye klipu, halafu rudi nyuma. Laivu inamtaka mtu awepo saa fulani, na saa yenyewe hata wewe uliijua dakika kumi kabla ya kuingia hewani. Klipu ya sekunde 45 haimdai mtu saa yoyote. Anaikuta akiwa kwenye foleni, anajua kuna fundi anayefungua simu mezani, siku nyingine anakuja kukaa. Kwa chaneli changa njia ya kuingilia huwa ni hiyo. Ukishakubali kwamba kitakachobaki ni vipande viwili vitatu vifupi, utajua kamera iwekwe wapi, laivu iwe ndefu kiasi gani, na msimamizi wa chati afanye kazi gani.

Tuanze na meza yako. Kamera inapiga picha ya mlalo, pikseli 1920 kwa 1080. Klipu ya simu ni ya wima, uwiano wa 9 kwa 16. Ukikata wima kutoka katikati ya picha ya mlalo unabaki na upana wa takribani pikseli 607, yaani chini kidogo ya theluthi moja ya picha nzima. Sasa fikiria: umeiweka simu kushoto, kipima umeme cha USB kiko kulia kabisa, na raha yote ya tukio ni namba inayopanda kwenye kile kipima. Ukikata klipu unapata simu bila namba, au namba bila simu. Hakuna programu ya kuhariri itakayokuokoa hapo.

Dawa yake ni utepe wa karatasi wenye gundi. Pima upana wa meza unaoonekana kwenye OBS. Kama kamera inaona sentimita 60, ukanda wako wa klipu ni sentimita 19 za katikati. Bandika vipande viwili vya utepe huo kwenye kingo za ukanda huo, na chochote unachotaka mtu akione kikae kati yake: simu, ncha ya kibanio, kipima umeme. Bisibisi, kikombe na makorokoro mengine yakae nje. Kama sentimita 19 zinakubana, panga vitu kwa wima, kipima juu na simu chini, maana kwa urefu una karibu sentimita 34 za kuchezea. Jua pia kwamba pikseli 607 zikivutwa kufikia 1080 picha inalainika kidogo. Skrubu ndogo zikionekana kama ukungu, shusha kamera, ukanda ujae simu.

Sasa kurekodi. Rekodi kwenye kompyuta yako wakati unarusha, usitegemee nakala ya mtandaoni peke yake, kwa sababu mtandao ukiyumba, nakala ile inabeba kila mkwamo. Kwenye OBS, ndani ya `Settings`, sehemu ya `General`, kuna `Automatically record when streaming`. Weka tiki. Faili iwe ya `mkv`. Umeme ukikatika katikati, mkv inabaki inasomeka mpaka pale ilipokatika, ila mp4 ya kawaida ambayo haikufungwa vizuri mara nyingi haifunguki kabisa. Baadaye unaigeuza mp4 ndani ya OBS ile ile kwa `Remux Recordings` kwenye menyu ya `File`, bila kupoteza ubora. Ukirekodi kwa kbps 6000, dakika 90 zinakula kama GB 4. Hapo unaona diski yako imejazwa na nini: ni yale masaa manne manne.

Jambo la pili la kuwasha ni `Replay Buffer`. Hii inashikilia kwenye kumbukumbu ya kompyuta sekunde za mwisho tu, na ukibonyeza kitufe ndipo inaziandika kama faili. Iwekee sekunde 90. Kwa kbps 6000 hizo ni MB 70 hivi, mashine haitalalamika. Kisha nenda `Hotkeys` uipe kitufe cha kuhifadhi. Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya mara ya kwanza, mimi nikiwemo, ni kudhani kuiweka kwenye mipangilio kunatosha. Haitoshi, lazima iwe imeanzishwa. Nilibonyeza kitufe jioni nzima nikaja kukuta folda tupu. Kule kule `General` kuna `Automatically start replay buffer when streaming`. Weka tiki na hapo usikumbuke tena.

Lakini wewe mikono yako ina kibanio na chuma cha kulehemu, huwezi kukimbilia kibodi kila jambo zuri likitokea. Basi ukishaweka kifaa chini, piga kofi moja karibu na maikrofoni. Kwenye programu yoyote ya kuhariri, sauti inachorwa kama mawimbi, na kofi linasimama kama mnazi kwenye uwanja wa nyasi. Dakika 90 za kutafuta zinakuwa dakika tatu za kuruka kutoka kofi hadi kofi.

Hapa ndipo ratiba inapoingia. Laivu ya masaa manne ina klipu mbili au tatu, na ya dakika 90 nayo ina mbili au tatu. Tofauti ni uchovu wako, na yale masaa ya kupitia rekodi ambayo hutayapata, ndiyo maana zimelala kwenye diski. Chukua siku mbili kwa wiki, saa ile ile, dakika 75 hadi 90, simu moja yenye tatizo moja ambalo umeshaliangalia kijuujuu kabla. Sisemi uwe umeshalitengeneza. Uwe tu unajua kwamba haliwezi kuishia kwenye "tunasubiri kifaa kiagizwe", ambao ni mwisho mbaya kwa laivu na hauna klipu.

Unachaguaje saa? Usiwaulize watazamaji saba. Watakutajia saa saba tofauti. Jaribu nafasi mbili kwa wiki nne, tuseme Jumanne usiku na Jumamosi alasiri, bila kuzihamisha, halafu kwenye takwimu za kila laivu angalia wastani wa waliokuwepo kwa wakati mmoja, sio kilele. Kilele kinaweza kupandishwa na watu kumi walioingia sekunde ishirini wakatoka. Usihukumu kwa laivu moja pia. Kwa idadi ndogo kama yako, mvua tu inatosha kubadilisha hesabu.

Laivu iandae mapema ndani ya YouTube Studio, siku mbili tatu kabla, ili iwe na ukurasa wake ambao mtu anaweza kubonyeza akumbushwe. Kuwa macho na saa: fomu ile haijui saa zetu. Saa 2:00 usiku ni 20:00. Ukiandika 02:00 umewaalika watu saa nane ya usiku wa manane. Kwenye maandishi ya tangazo andika zote mbili, maana hata watazamaji wanajichanganya. Ukipata dharura, badilisha saa kwenye laivu ile ile, usiifute na kutengeneza nyingine. Kiungo kinabaki kile kile, na aliyekihifadhi hakuti ukurasa uliokufa.

Na jina la laivu liwe tatizo lenyewe. "Fundi yuko laivu" haimwambii mtu kitu. "Simu haishiki chaji: tunatafuta tatizo mezani" inamwita mwenye simu ya hivyo leo, na itamwita hata baada ya miezi sita akiwa anatafuta. Dakika tano za kwanza usizitumie kusema "tunasubiri watu waingie". Wale wachache waliofika kwa wakati ndio unaowaambia kwamba wamekosea kuwahi. Ieleze simu, onyesha dalili zake, pima kile kinachopimika. Atakayechelewa atarudi nyuma mwenyewe kama umeacha `Enable DVR` ikiwa imewashwa.

Sasa chati, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ulipoumia.

Kwanza elewa ucheleweshaji. Unachokifanya mezani hakimfikii mtazamaji papo hapo. Kwenye mipangilio ya laivu kuna ngazi tatu: ya kawaida, ambayo inaweza kukucheleweshea nusu dakika, `Low-latency`, ambayo kwa watazamaji wengi ni chini ya sekunde 10, na `Ultra low-latency`, chini ya sekunde 5. Kadiri unavyoipunguza, ndivyo mtazamaji mwenye mtandao dhaifu anavyokwama zaidi. Kwa kazi yako chukua ya kati. Maana yake ni kwamba ukiuliza swali kwenye chati, jibu la kwanza linaweza kuchukua sekunde 15 ukijumlisha na muda wa mtu kuandika. Wanaoanza huuliza, wakaona kimya, wakasema "naona leo mmelala". Hawajalala, swali halijawafika. Uliza, endelea na skrubu mbili, kisha inua macho.

Pili, hukuhitaji kugombana na wale watu, na nitakuambia sababu ya kiufundi. Ujumbe ukifutwa na msimamizi unaondoka kwenye chati, na laivu ikirudiwa baadaye hauonekani. Lakini ukiusoma kwa sauti ili uujibu, umeshaingia kwenye rekodi yako. Tusi limefutwa, sauti yako ikilisoma imebaki, na pengine imekaa katikati ya dakika uliyotaka kuikata klipu. Mtu wa matusi anataka hicho tu. Kwa hiyo kanuni ya mezani iwe moja: tusi halisomwi, halitajwi, na mikono haisimami.

Kazi ya kufuta mpe mtu mwingine. Kwa watazamaji chini ya thelathini, msimamizi mmoja anatosha. Usimchague rafiki yako mpenda ubishi, ndiye atakayewasha moto. Mtafute yule anayekuja karibu kila laivu na kuwajibu wenzake kwa upole kabla hujaulizwa. Mpe ngazi ya `Managing moderator`. Ile ya `Standard moderator` ina mamlaka machache zaidi, na baadhi ya kazi nitakazozitaja hapa chini inaweza isizifikie. Halafu mwandikie mambo matatu, asije akabuni sheria zake. Tusi na namba za simu za watu wasiojulikana: futa. Anayerudia baada ya kufutiwa: mfiche kwenye chaneli kwa `Hide user on this channel`, wala asiambiwe. YouTube haimpi taarifa, na wengine hawamwoni tena. Anayekosoa kazi: mwache.

Hilo la tatu ndilo wasimamizi wanalikosea. "Fundi, joto hilo utaunguza IC" si tusi hata kama limeandikwa kwa jeuri. Lijibu kwa vitendo, onyesha joto ulilolitegea na kwa nini. Mara nyingi ubishi wa namna hiyo ndio klipu bora ya jioni, kwa sababu una swali, una wasiwasi, na una jibu linaloonekana.

Orodha ya maneno yaliyozuiwa, `Blocked words`, ijaze mwenyewe. Vichujio vya kiotomatiki vinasaidia, ila usiviachie Kiswahili. Lugha yetu inabadilisha neno mbele: ukizuia "mpumbavu" usitegemee kwamba umezuia "wapumbavu", "upumbavu" au "kipumbavu". Andika kila umbo, pamoja na yale yanayoandikwa kwa namba badala ya irabu. Washa pia kuzuia viungo. Fundi simu anavutia sana wauzaji wa "kufungua akaunti" na matapeli wanaoweka jina na picha yako wakidai ni wewe. Lakini orodha ina mtego wake. "Takataka" inaonekana kama neno la kuzuia, mpaka siku mtazamaji anapojaribu kukuambia kuna takataka kwenye tundu la chaji na ujumbe wake haufiki. Baada ya kila laivu mwulize msimamizi ni nani analalamika kwamba hawezi kuandika.

Wakivamia kundi, kama juzi, msimamizi afanye mambo mawili kwa mpangilio huu: chati aiweke kwa waliojiunga na chaneli tu, kisha awashe `Slow mode` ya sekunde 30. Haiwabani wasimamizi wala wewe. Anaficha mmoja mmoja, na wakishaondoka anairudisha chati kama ilivyokuwa. Hiyo ya mwisho inasahaulika sana, na wiki inayofuata unashangaa wageni hawaandiki. Wewe muda wote huo unasema nini? Unasema "sasa tunainua kava".

Kuna hatari nyingine ambayo hukuiuliza. Simu ya mteja ikiwaka mezani, kioo kinaonyesha ujumbe wake, picha yake, wakati mwingine jina la aliyempigia. Hayo si yako kuyarusha. Tengeneza kwenye OBS `Scene` moja yenye picha tulivu tu, uipe kitufe, ukibonyeze kabla ya kuwasha simu, si baada. Stika ya IMEI nayo iwe chini ya utepe tangu mwanzo. Kwa kuwa watu wanaweza kurudisha laivu nyuma, kilichoonekana sekunde mbili kimeonekana.

Sasa tuunganishe kwa laivu moja. Tuseme umeanza saa 2:03 usiku, simu haishiki chaji. Kipima cha USB kinasoma 0.00. Unabadilisha waya, bado 0.00. Mtu kwenye chati anabisha kwamba ni betri. Unasafisha tundu kwa kijiti cha mbao, unachomeka, kipima kinaruka hadi 1.2, chati inalipuka. Msimamizi, ambaye umemwomba awe na karatasi, anaandika: "3:16, chaji imeshika." Toa 2:03 kwenye 3:16, unapata saa moja na dakika 13. Yeye ameona kwa kuchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo unatafuta kuanzia 1:12 kwenda mbele. Kofi lako unalikuta 1:13:20, na ule ubishi wa betri ulianza 1:12:40. Klipu yako ni hiyo: inaanza na wewe ukisema "mmoja hapa anasema ni betri", inaishia namba ikiwa imetulia. Salamu, shukrani na "msisahau kujiunga" havimo.

Unaweza kuikata kwenye programu yoyote ya simu. Ukitaka haraka na kompyuta ina programu ya FFmpeg, amri moja inakata na kugeuza wima:

```
ffmpeg -ss 01:12:40 -t 45 -i laivu.mkv -vf "crop=ih*9/16:ih,scale=1080:1920" -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac klipu.mp4
```

Utakutana na watu wanaokuambia utumie `-c copy` ili iende haraka zaidi. Kwa njia hiyo huwezi kugeuza picha iwe wima, na mkato wa picha unafuata fremu kuu, yaani zile picha kamili zinazohifadhiwa kila baada ya muda, ambazo kwenye laivu huwa zinapishana sekunde mbili, kwa hiyo klipu inaweza kuanza katikati ya sentensi ya nyuma.

Weka maandishi ya kile unachosema, kwa kuwa wengi hutazama bila sauti, na uyapandishe juu kidogo ya theluthi ya chini, ambako jina la chaneli na vitufe huyafunika. Muziki usiuweke. YouTube Shorts inaruhusu hadi dakika 3 tangu Oktoba 2024, ila urefu huo usikutie tamaa. Kama tatizo na jibu vimeisha kwa sekunde 45, dakika ya pili inafanya nini? Kiungo kwenye maelezo ya Shorts hakibonyezeki, hivyo tumia sehemu ya `Related video` kuielekeza kwenye laivu nzima ilikotoka. Kabla ya hapo ingia kwenye kihariri cha Studio, ukate mwanzo wa laivu ile kama ulijaribu maikrofoni kwa dakika nne.

Toa klipu moja kesho yake, na ya pili asubuhi ya laivu inayofuata. Halafu angalia takwimu moja tu: kati ya walioletewa klipu, wangapi walibaki kuitazama na wangapi waliipitisha kwa kidole. Wakipitisha wengi, tatizo liko kwenye sekunde mbili za kwanza, na mara nyingi utakuta umeanza na kava la simu badala ya namba 0.00.

Zile rekodi za zamani usizipitie. Chukua laivu mbili unazozikumbuka bila kufungua faili, toa klipu moja moja kwenye kila moja, nyingine futa.